"Hatutumii nguruwe" hakukupi cheti cha halali

"Sisi hatutumii nguruwe wala pombe, sasa tukaguliwe nini?" Nimeulizwa tena wiki hii, na mwenye kiwanda cha biskuti anayetaka kupeleka mzigo Dubai. Safari hii najibu kwa maandishi, simu zimenichosha.

Mkaguzi hafiki kiwandani kunusa kitimoto. Anataka karatasi. Chukua E471, ule unga unaosaidia mafuta na maji kushikana kwenye donge. Unaweza kutoka kwenye mawese, na unaweza kutoka kwenye mafuta ya ng'ombe au nguruwe. Kwa macho ni unga uleule. Na usiniambie utaupeleka maabara. Mafuta yakishachakatwa kiasi hicho, mara nyingi hayabaki na DNA ya kumtambulisha mnyama. Kinachobaki ni ushahidi wa aliyeutengeneza.

Ukaguzi wenyewe unakwenda hivi. Mkaguzi anaingia stoo, anachukua katoni yoyote, anasoma namba ya bachi. Anataka karatasi ya uzalishaji ya siku ile, halafu namba ya mfuko wa E471 uliotumika, halafu daftari la kupokea malighafi. Hapo ndipo wengi hukwama: barua ya asili ya E471 iliyo kwenye faili inataja kiwanda kimoja, mfuko ulioko stoo umeandikwa kingine. Kumbe ule wa kawaida uliadimika, mtu wa manunuzi akapata wa bei nafuu, hakumwambia mtu. Huenda nao ni wa mawese. Lakini huwezi kuthibitisha, basi bachi hiyo inazuiwa.

Barua yenyewe itaje kiwanda kilichotengeneza, jina kamili la bidhaa, asili yake na tarehe. Ile ya dalali wa mjini inayosema "bidhaa zetu zote ni halali" kafungie maandazi. Bora zaidi ni cheti cha halali cha kiwanda hicho.

Panaponipa shida mimi ni ladha ya vanila iliyoyeyushwa kwa ethanoli, yaani pombe. Sehemu kubwa huruka kwenye oveni. Wapo wanaoruhusu kiasi kidogo kisicholevya, wapo wasiotaka hata tone. Sina jibu moja la masoko yote. Wateja wangu nawashauri wanunue iliyoyeyushwa kwa propilini glaikoli, ubishi uishe.

Kabla ya kulipa ada, muulize mnunuzi ni taasisi zipi zinatambuliwa nchini kwake. Emirati wana orodha yao, JAKIM, idara ya serikali inayosimamia halali Malaysia, ina yake. Cheti kisicho na kasoro yoyote cha hapa nyumbani kinaweza kukataliwa bandarini kule.

Vyeti vingi huisha baada ya mwaka. Kuhuisha si kupiga muhuri tena: mkaguzi hulinganisha orodha ya malighafi ya mwaka jana na ankara za mwaka huu. Msambazaji mpya alipaswa kuripotiwa kabla mfuko wake wa kwanza haujafunguliwa. Anza miezi mitatu kabla, maana barua kutoka kiwanda cha ng'ambo huchelewa kuliko mkaguzi.