Nadharia ya udereva kwa mwanafunzi kiziwi: kinachokwamisha ni swali lenyewe

Katika darasa la udereva, iwe Mbeya au Iringa, alama za barabarani si tatizo kubwa kwa mwanafunzi kiziwi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu ni onyo, duara lenye ukingo mwekundu ni katazo, duara la bluu ni amri. Hayo hushikwa mapema kwa picha. Kazi iko kwenye Kiswahili cha swali. Aliyekua akitumia Lugha ya Alama ya Tanzania husoma Kiswahili kama lugha ya pili, na kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na ukanushi ndani ya neno moja.

Chukua swali hili: "Hutakiwi kuingia kipilefti kabla magari yanayotoka kulia kwako hayajapita. Kweli au si kweli?" Mwanafunzi anaona ukanushi mara mbili, anaandika "si kweli", ilhali kanuni anaijua. Dawa yake ni kulivunja swali mezani. Chora duara kwenye karatasi, weka vizibo viwili vya soda: kimoja nje, kimoja ndani upande wa kulia. Kisha andika vipande vifupi: Gari la kulia limepita? Bado. Mimi naingia? Hapana. Sasa alisome tena swali zima, aone kwamba linasema kile kile alichokipanga kwa vizibo. Jibu ni kweli. Fanyeni hivyo pia kwa "isipokuwa", "asipo-" na "kabla", kwa kuwa ndiyo maneno yanayogeuza maana.

Mkalimani naye ana mtego wake. Alama nyingi za mikono zinafanana na kitu chenyewe. Swali likiuliza maana ya picha ya mteremko mkali, kama ule wa Kitonga, mkalimani akishasema "mteremko" kwa mkono unaoshuka, ametoa jibu. Kwa hiyo asubiri: atafsiri maneno ya swali, picha aioneshe kwa kidole tu, kisha atafsiri majibu yote ya kuchagua kwa uzito uleule. Mkubaliane na msimamizi kabla ya siku ya mtihani. Darasani, mwalimu aache kuongea mwanafunzi anapotazama kitabu. Macho hayawezi kuwa kwenye ukurasa na kwa mkalimani kwa pamoja.

Wenye usikivu hafifu wanaosoma midomo wasitegemee midomo peke yake. P, b na m zinafanana kabisa kwa macho, hivyo "pita" na "mita" haziwezi kutofautishwa. Maagizo yenye namba au hatua yaandikwe ubaoni.

Swali la king'ora huwatia wasiwasi bure. Kanuni ni ileile kwa wote: sogea kushoto, simama, pisha gari la dharura. Kinachobadilika ni namna ya kuligundua: taa zinazomulika kwenye kioo cha nyuma, na magari ya mbele yanayojisogeza pembeni bila sababu inayoonekana. Fundisheni jibu hilo pamoja na kuangalia vioo mara kwa mara.