Invoisi ya mkandarasi isubiri cheti cha malipo

Wakandarasi wengi ninaokutana nao saiti, mimi nikiwa mkadiriaji majenzi upande wa mteja, wanaleta maombi ya malipo na invoisi ya kodi siku moja, kwenye bahasha moja. Hapo ndo shida inapoanzia.

Chukua jengo la ghorofa tatu, tupo kwenye cheti namba 4. Mkandarasi anadai kazi iliyofanyika tangu mwanzo ni milioni 520 bila VAT. Tunazunguka wote na BOQ mkononi, ile orodha ya kazi na bei zake, plasta yenye thamani ya milioni 50 kaiandika imeisha yote kumbe upande mmoja wa jengo tofali bado zinaonekana, kwa hiyo nampa nusu. Vigae vya milioni 15 kavilipia kweli lakini bado viko dukani, na mkataba wetu unalipia matirio yaliyofika saiti tu. Tunabaki na milioni 480.

Hiyo 480 ni jumla ya tangu siku ya kwanza, sio ya mwezi huu. Natoa ritensheni asilimia 10, yaani hela ambayo mteja anaishikilia kwanza, inabaki 432, halafu natoa vilivyoidhinishwa kwenye vyeti vitatu vya nyuma. Angalia vizuri hapa maana watu wanachanganya sana: kazi ya nyuma ilikuwa 340, lakini baada ya ritensheni vyeti vilikuwa 306, na ndo hiyo 306 unayotoa. Ukitoa 340 unakata ritensheni ya zamani mara ya pili na mkandarasi anapoteza milioni 34 hivihivi. Hesabu sahihi ni 432 toa 306, milioni 126.

Meneja mradi akishasaini cheti, sasa ndo invoisi inaandikwa: milioni 126, VAT ya asilimia 18 ni 22.68, jumla 148.68, na namba ya cheti iandikwe humo ili mhasibu wa mteja alinganishe bila kupiga simu.

Yule aliyeharakisha kuandika invoisi kabla ya cheti, kwa hesabu yake mwenyewe ya 520 toa ritensheni 52 toa 306, ameandika milioni 162 na VAT 29.16. Mteja hawezi kulipa kinachozidi cheti, ila TRA inaiona VAT yote iliyoko kwenye invoisi na ritani inatakiwa kufika tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hela ya mteja imeingia au haijaingia. Milioni 6.48 ya kodi ya kazi ambayo haijakubaliwa inakaa shingoni mwake mpaka atoe kredit noti, na wahasibu wa mteja wanasimamisha malipo yote wakisubiri karatasi zifanane.

Kuhusu ile plasta wala usigombane na mtu, ikimalizika mwezi ujao inaingia kwenye jumla ya cheti namba 5, na vigae vikifika saiti navyo hivyohivyo. Kama unaamini nimekupima vibaya niandikie barua ukiambatanisha vipimo vyako, turudi kupima pamoja, lakini invoisi ya cheti hiki iache kwenye 126.