Kamera isiyo na jina: anza na mkia wake

Mtu akiletewa kamera ya usalama isiyo na boksi wala maelekezo, jambo la kwanza analofanya ni kuipiga picha ya mbele na kutafuta mtandaoni inayofanana nayo. Anapata mia zinazofanana, kila moja na jina lake. Ganda la kuba, la silinda au la jicho linalozunguka kwenye kikombe chake huuzwa kwa kampuni nyingi, kila moja ikabandika nembo yake. Kamera mbili zenye sura moja zinaweza kuhitaji mashine za kurekodi tofauti kabisa. Ndiyo maana sisi katika maabara huigeuza kamera na kushika kwanza waya mfupi unaotoka nyuma yake, ambao mafundi huuita mkia.

Ganda nalo lina lake la kusema, ila ni machache. Kifuniko kidogo chenye skrubu mbili, ambacho ndani yake kuna nafasi ya kadi ya kumbukumbu na kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, huonyesha kwamba kamera inarekodi na kujiendesha yenyewe. Antena huonyesha kwamba inatumia waifai au mtandao wa simu. Halafu kagua chini ya kitako, na kwa kamera ya kuba fungua kifuniko chake uangalie ndani, kwa sababu lebo ya nje ikichubuka ya ndani mara nyingi hubaki. Namba ya modeli inayoanza na DS-2CD ni ya kamera ya mtandao ya Hikvision, na DS-2CE ni ya kampuni hiyohiyo lakini ya analogi. Kwa Dahua, IPC-HFW ni ya mtandao na HAC-HFW ni ya analogi. Ukipata maandishi hayo, nusu ya kazi imekwisha.

Lebo ikiwa haipo, mkia ndio utakaoamua. Ukiwa na kichwa cha chuma cha duara kinachofungwa kwa kuzungushwa robo mzunguko, yaani BNC, pamoja na tundu la duara la umeme, kamera ni ya analogi, na kwa kawaida inataka volti 12. Inahitaji DVR, mashine ya kurekodi kamera za analogi. Kamera hiyo haina anwani ya mtandao wala programu ya simu. Watu hutafuta programu ya kamera ya BNC kwa siku nzima wasiipate, kwa kuwa programu ni ya DVR. Simu huzungumza na DVR, na DVR ndiyo inayopokea picha kutoka kwenye kebo.

Shida ya BNC ni kwamba kichwa ni kimoja lakini ishara zinazopita ni za aina nne: CVBS ya zamani, na za picha kali AHD, TVI na CVI. DVR ya zamani inayojua CVBS tu ikipewa kamera ya TVI huandika VIDEO LOSS au huonyesha mistari inayokimbia, na mwenye kamera hudhani imekufa. Iweke gizani kabla ya kuitupa. Taa zake za infraredi zikiwaka wekundu hafifu, umeme unafika na kuna matumaini. Kisha papasa mkia: kamera nyingi zina kijiti kidogo kinachosukumwa pande nne. Kisukume upande mmoja na ukishikilie kwa takriban sekunde 5 huku ukitazama skrini, usubiri picha, ndipo ujaribu upande mwingine. Kila upande huwa na aina yake ya ishara, na mpangilio hutofautiana kati ya kamera na kamera. Ikiwa pande zote hazileti kitu, angalia uwezo wa DVR: inayopokea hadi 1080p haitaonyesha kamera iliyowekwa megapikseli 5, hata kama aina ya ishara inalingana.

Mkia wenye soketi ya kebo ya mtandao, RJ45, ni kamera ya mtandao. Hapa utambuzi unaweza kwenda mbali zaidi, kwa sababu kamera yenyewe itakuambia imetoka wapi. Chukua kamera ya kuba iliyofutika lebo. Iunganishe na swichi yenye alama ya PoE, ambayo hupitisha umeme kwenye kebo hiyohiyo. Taa ya soketi ya swichi isipowaka, huenda kamera haitumii PoE. Ipe volti 12 kwenye tundu la duara. Ipe kompyuta anwani 192.168.1.50 na barakoa ya mtandao, yaani subnet mask, 255.255.255.0, halafu fungua dirisha la amri uandike:

```
ping 192.168.1.64
ping 192.168.1.108
arp -a
```

Anwani ya kwanza ndiyo Hikvision hutoka nayo kiwandani, ya pili ni ya Dahua. Tuseme ya pili imejibu. Kwenye jibu la arp, karibu na anwani hiyo, kuna namba ndefu ya kifaa. Herufi na tarakimu 6 za mwanzo ni za mtengenezaji aliyesajiliwa, na rejista ya IEEE iko wazi kwa yeyote kuitafuta. Mara nyingi hapo ndipo nembo isiyojulikana inapogeuka kuwa kampuni inayojulikana, na unajua utafute programu ya DMSS kwa Dahua au Hik-Connect kwa Hikvision.

Kimya kikitawala, usiseme imeharibika. Kamera iliyokuwa imechomekwa moja kwa moja nyuma ya NVR, mashine ya kurekodi kamera za mtandao, hupewa na mashine hiyo anwani nyingine, mfano zinazoanza na 192.168.254 au 10.1.1. Tumia programu za kompyuta SADP ya Hikvision na ConfigTool ya Dahua. Hizi huiona kamera kwenye kebo hata kama anwani yake haiendani na ya kompyuta. SADP ikionyesha Inactive, kamera haina nywila bado na wewe ndiwe wa kuiweka. Ikionyesha Active na huijui nywila, rudi kwenye kile kitufe cha ndani ya ganda, ukishikilie wakati wa kuwasha.

NVR ya chapa nyingine hupokea kamera hiyo kupitia lugha ya pamoja iitwayo ONVIF, lakini kwenye kamera nyingi mpya ONVIF huwa imezimwa, na ni lazima uiwashe na kuunda mtumiaji wake pekee. Kamera ikikubalika lakini picha ikabaki nyeusi, nenda kwenye mipangilio ya video ubadilishe namna ya kubana video kutoka H.265 kuwa H.264, kwa kuwa NVR za zamani haziifahamu ya kwanza.

Kamera ya waifai yenye mkia wa USB wa volti 5 hutegemea programu yake, na msimbo wa mraba ulio kwenye ganda ndio wa kuskani. Programu ikikuambia imeshaunganishwa na akaunti nyingine, kitufe cha kurudisha mipangilio mara nyingi hakisaidii. Mwenye akaunti ya kwanza lazima aifute kwake, na kama unainunua mkononi mwa mtu, mwombe afanye hivyo kabla hujamlipa.

Kuna mkia mmoja wa kuogopa: kichwa cha duara chenye pini 4, kinachotumika sana kwenye kamera za magari. Umeme na picha hupita kwenye kichwa kimoja, na mpangilio wa pini si mmoja kwa watengenezaji wote. Kichwa kinaweza kuingia vizuri na bado kikapeleka volti 12 kwenye pini ya picha. Pima kwa mita upande wa mashine ya kurekodi, ujue pini ya umeme na ya waya hasi, ulinganishe na maelezo ya kamera kabla ya kuchomeka.