Je, wajua kwa nini kejeli kwenye chati ya kazini inageuka tusi?

"Mbona nikiandika utani kwenye chati ya timu mwenzangu wa Marekani anauchukulia siriasi, na kwenye simu tunacheka wote? Ni utamaduni wake au?"

Utamaduni umo ila hauko mbele kwenye foleni. Kinachopotea kwanza ni sauti, alafu masaa yanazuia mtu kujirekebisha, na utamaduni unakuja kuongezea chumvi.

Watu wengi wanaanza na utamaduni, utasikia Waingereza hivi, Wajerumani vile, sisi tumezoea kuchokozana. Sasa angalia kilichotokea chuo cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, mwaka 1982. Watu wa kompyuta, chuo kimoja, lugha moja, walikua wanajadili kwenye ubao wao wa ujumbe maswali ya fizikia ya kitu gani kitatokea kwa zebaki ndani ya lifti inayoanguka. Mmoja akatania kwamba lifti imechafuka na zebaki kwa sababu ya jaribio, na wapo walioiona hiyo meseji bila huo mjadala wakadhani ni tahadhari ya kweli! Ndo tarehe 19 Septemba Scott Fahlman akapendekeza kila utani uwekewe :-) pembeni. Yaani babu wa imoji zote alizaliwa kwa sababu ya majirani kutoelewana, hakuna mgeni hata mmoja kwenye hiyo stori.

Sababu yenyewe iko kwa mwandishi. Ukiandika "kazi safi kabisa" kwa kejeli, kichwani unaisikia na mvuto wake wote, ule mkato, hilo "kabisa" linavyoburutwa. Ni kama kugonga wimbo mezani kwa kidole: wewe unasikia ngoma na waimbaji, aliyekaa mbele yako anasikia ko-ko-ko. Mwaka 1990 Elizabeth Newton wa Stanford alilipima hilo, wagongaji walitabiri nusu ya nyimbo zitatambulika, kati ya 120 zikatambulika 3. Na mgongaji hawezi kuuzima wimbo kichwani mwake ili asikie anachosikia mwenzake, ndo maana kusoma meseji yako mara mbili kabla ya kutuma hakusaidii sana, unaisoma na wimbo ule ule.

Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake wakalijaribu kwa imeili. Watumaji walitegemea kejeli na siriasi vitatofautishwa mara 78 kati ya 100, wasomaji wakapatia 56, karibu sawa na kurusha shilingi, wakati waliosikia sauti walipatia karibu robo tatu. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba hao wasomaji waliamini wamepatia kama 9 kati ya 10, na marafiki hawakuwashinda watu wasiojuana. Ila wale walikua wanafunzi wa Marekani wenyewe kwa wenyewe, kwahiyo umbali wa tamaduni haukupimwa pale.

Masaa sasa. Ijumaa ya Julai saa 12 jioni Nairobi, mtu anaandika "hongera, umevunja rekodi ya kuangusha seva", anafunga laptopu anaenda zake. San Francisco ni saa 2 asubuhi, mwenzake ndo anafungua kompyuta, anaisoma kama lawama mbele ya timu nzima na ana siku nzima ya kuitafuna. Mtaniaji anarudi Jumatatu asubuhi, kule bado ni Jumapili usiku, kwahiyo "nilikua natania bana" inasomwa siku ya tatu. Kwenye meza moja ingechukua sekunde mbili, uso ungebadilika na wewe ungeona.

Utamaduni unaingia hapa: nani ana ruhusa. Msukuma na Mzaramo wanaweza kutupiana maneno makali hata msibani kwa sababu utani wao unajulikana kabla mdomo haujafunguka, ila kwenye timu ya nchi tano hakuna aliyepewa hiyo ruhusa. Imoji nazo sio dawa kamili, ile ya tabasamu dogo kwa vijana wengi wa China inasomeka kama dharau.

Sifa ya uongo ndo kejeli hatari kuliko zote, kwa sababu ikisomwa moja kwa moja bado inaleta maana, au mbaya zaidi mtu aliyefanya kazi nzuri kweli anaanza kushuku pongezi zako za kweli. Kujitania mwenyewe kuna hasara ndogo, na ya kumchokoza mtu ingoje simu. Utajua imeharibika pale aliyekua anakujibu mistari mitatu na kicheko anapoanza kukujibu "sawa" tupu. Hapo usiongeze utani mwingine wa kupoza, mwandikie kwake binafsi, sentensi moja isiyo na mzaha: "Ile ya Ijumaa nilitania, seva haikuanguka kwa kosa lako." Na kama lawama ilisomwa na timu nzima, hiyo sentensi irudie pale pale kwenye chati ya timu.