Sabuni ya kila siku hailisafishi dodoki lako

Dhana: dodoki halichafuki, kwani kila siku linapakwa sabuni.

Hii ndiyo inayoshikiliwa na wengi, na kosa lake linaeleweka ukijua dodoki ni kitu gani. Ni mifupa ya tunda la mmea wa jamii ya mung'unye na tango: nyama na maganda yakiondoka, hubaki nyuzi zilizosukana zenye matundu hadi katikati. Sabuni kazi yake kubwa si kuua bakteria. Inabandua mafuta na uchafu, kisha maji huvichukua. Juu ya ngozi maji yanapita kwa urahisi, lakini ndani ya dodoki chembe za ngozi iliyokufa hunasa kwenye nyuzi. Kwa bakteria chembe hizo ni chakula, na unyevu umeshakuwepo. Wakikaa muda wa kutosha hujenga utando wa ute unaowakinga, ule utelezi unaousikia ukilibonyeza dodoki la siku nyingi.

Watafiti wa New York walilichunguza jambo hili, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1994. Madodoki mapya yalikuwa na bakteria wachache tu, wa kawaida. Yalipowekewa chembe za ngozi na kubaki na unyevu, waliozidi wakawa wa aina nyingine, akiwemo sudomonasi, anayependa majimaji na anayeweza kuambukiza ngozi.

Dhana: kama ni bakteria wa mwili wangu mwenyewe, watanidhuru nini?

Kwa kawaida hawakudhuru, nami sitaki kumtisha mtu: wengi wanaoga na dodoki kuukuu miaka na miaka bila kuumwa. Lakini sudomonasi hatoki kwako. Anaishi kwenye maji na mahali penye unyevu, na anachosubiri ni mlango.

Chukua mtu aliyenyoa miguu jioni, kisha akaisugua kwa dodoki lililoshinda limelowa sakafuni. Wembe umeacha mikwaruzo isiyoonekana, na nyuzi zinaichimbua. Siku moja au mbili baadaye vinatokea vipele vyekundu vinavyowasha, vingine vina kichwa cha usaha, kila kimoja kwenye tundu la unywele. Wengi hudhani ni wembe au mzio wa sabuni mpya. Atazame vilipo: vikiwa pia mgongoni au mikononi, mahali alikosugua lakini hakunyoa, wembe peke yake hauelezi. Akiliacha dodoki, mara nyingi vipele hupoa vyenyewe ndani ya siku saba hadi kumi. Vikienea, au akipata homa, au kama ana kisukari au kinga dhaifu, asingoje, amwone daktari.

Kwa hiyo baada ya kunyoa lipumzishe dodoki siku mbili tatu. Usoni na sehemu za siri lisifike kabisa.

Dhana: lile la plastiki haliozi, basi hudumu mwaka.

Wavu wa plastiki ule uliofungwa kama ua hauozi kweli, na hukauka upesi kuliko dodoki la asili. Ila uchafu hunasa kwenye mikunjo yake vilevile. Ubadilishe kila miezi miwili hivi. Dodoki la asili lisizidi wiki tatu au nne, na sponji nene ya kuogea uihesabu nalo, kwa kuwa katikati yake huchelewa kukauka. Harufu, madoa meusi au utelezi usioisha vikitokea mapema, tupa siku hiyohiyo bila kutazama kalenda.

Kitambaa cha kuogea ndicho ninachokipendelea, kwa sababu moja tu: kinafulika. Kifue kwa maji ya moto baada ya kukitumia mara mbili tatu, kisizidi wiki, kisha kianike kikauke kabisa. Tarehe ya kukitupa hakina. Kikichakaa au kikibaki na harufu hata baada ya kufuliwa, muda wake umekwisha.

Dhana: klorini hulirudishia dodoki upya wake.

Inapunguza bakteria, ndiyo. Mara moja kwa wiki changanya kipimo kimoja cha klorini ya kufulia na vipimo tisa vya maji, loweka dakika tano, kisha suuza mpaka harufu iishe. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, maana hutoa gesi yenye sumu. Lakini ngozi iliyonasa ndani haitoki yote, na nyuzi zenyewe zinalainika na kuvunjika. Unalisogeza dodoki hadi mwisho wa wiki zake nne, huliongezei mwezi wa pili.

Kinachosaidia zaidi hakigharimu kitu: ukimaliza kuoga lisuuze, likamue kwa nguvu, kisha litundike nje ya bafu penye hewa. Likiwa bado bichi unapolishika kesho yake, hapo ulipolitundika hapafai.