Barua ya kumuaga mfanyakazi: yanayosemwa ofisini na yaliyo kweli

Wiki ya mwisho ya mwezi ndiyo wiki ya kuagana katika ofisi nyingi za Nairobi, maana notisi nyingi huisha na mwezi. Keki hukatwa, kadi husainiwa, na saa kumi jioni mtu wa rasilimali watu hukumbuka kwamba kuna barua bado haijaandikwa: ile ya kumshukuru anayeondoka, kumweleza alikuwa hodari kwa lipi na ajifunze nini kwa kazi anayoiendea. Kwa haraka hiyo hutafutwa barua ya mtu aliyeondoka mwaka jana, jina likabadilishwa, kazi ikaisha. Kinachoruhusu mchezo huo ni dhana kadhaa kuhusu barua hii ambazo zimezoeleka mno hata hakuna anayezihoji.

Dhana: Ukishampa barua hii, umempa cheti cha utumishi.

Hizi ni karatasi mbili, na kuzichanganya kunaweza kumfikisha mwajiri mahakamani. Cheti cha utumishi kinatajwa katika kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kila aliyefanya kazi kwa angalau wiki nne mfululizo anastahili kukipata anapoondoka, awe ameacha mwenyewe au amefutwa. Nacho ni kikavu kwa makusudi: jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe aliyoanza, kazi aliyofanya na mahali alipoifanyia, tarehe aliyomaliza. Mwajiri anayekataa kukitoa kwa kusudi au kwa uzembe, au anayeandika humo jambo analojua ni la uongo, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili.

Kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa barua yoyote ya kueleza tabia au utendakazi wa mtu. Kwa hiyo barua ya tathmini ni hiari. Hapo ndipo wengine husema: kama ni hiari, ya nini kujisumbua? Mimi naona uhiari huo ndio unaoipa uzito. Kitu ambacho sheria haikulazimishi kukiandika, ukikiandika ovyo huna pa kujificha.

Dhana: Sifa nyingi ndiyo shukrani yenyewe.

Tuchukue mfano. Karani wa bohari katika kampuni ya vipuri vya magari kule Industrial Area anaondoka baada ya miaka mitatu. Amepata kazi katika ghala kubwa Athi River, ambako atasimamia watu wanane. Meneja wake anaandika: “Umekuwa mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii na mtu wa kushirikiana na wenzako. Tunakutakia kila la heri.” (Aghalabu huwa kwa Kiingereza, lakini maudhui ni hayohayo.)

Sentensi hiyo ingemfaa mlinzi wa langoni, mhasibu, hata mpishi wa kantini. Bosi mpya akiisoma hajui karani huyu ni hodari kwa lipi. Kibaya zaidi, karani mwenyewe hajui. Huenda akafika Athi River akiamini alipendwa kwa sababu alikuwa akifika mapema, kumbe kilichomfanya awe wa thamani ni kitu kingine kabisa.

Njia ya kukipata kitu hicho si ngumu. Fungua tathmini zake mbili za mwisho, kisha waulize watu wawili waliokuwa wakipokea kazi yake, kwa mfano muuzaji wa kaunta na mhasibu, swali moja tu: akiondoka Ijumaa, Jumatatu ni nini kitakwama? Ukiuliza “alikuwaje?” utajibiwa “alikuwa poa sana.” Ukiuliza kitakachokwama, muuzaji atakwambia kwamba huyu ndiye aliyekuwa akihesabu rafu. Sasa una la kuandika:

“Kila Ijumaa jioni ulihesabu rafu mbili bila kusubiri hesabu ya mwisho wa mwaka. Kwa njia hiyo tuligundua kwamba filta za oili za aina mbili zilikuwa zikiingizwa kwenye kompyuta kwa nambari moja, na wauzaji walikuwa wakiwaahidi wateja mali isiyokuwepo. Hakuna aliyekutuma kufanya hivyo, na tunakushukuru.”

Hapo kuna tendo, kuna mara ngapi lilifanyika, na kuna matokeo yake. Neno “hodari” halimo, na wala halihitajiki. Angalia pia kwamba hakuna asilimia. Kama kampuni haikupima upungufu wa mali kabla na baada, usibuni “ulipunguza hasara kwa asilimia 40” ili barua ing’ae. Siku karani akiulizwa kwenye mahojiano tarakimu hiyo ilitoka wapi, atakayeaibika ni yeye.

Uwezo wa aina hii ukitaja miwili au mitatu unatosha. Ukifika wa saba, msomaji ameacha kuamini hata ule wa kwanza.

Dhana: Barua ya shukrani haitaji udhaifu. Au kinyume chake: hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kumwambia yote.

Nazitaja pamoja kwa sababu mara nyingi ni meneja mmoja mwenye zote mbili. Miaka mitatu amenyamaza ili asimkwaze mtu, siku ya mwisho anamwaga kila kitu. Yote mawili ni makosa, lakini la pili ndilo baya. Lawama inayotokea mara ya kwanza kwenye barua ya kuaga haina pa kujibiwa, maana anayelaumiwa tayari amerudisha kadi ya mlango.

Somo linalostahili kuandikwa lazima lipite mahali patatu. Je, alishawahi kuambiwa akiwa kazini? Je, kuna tukio moja mahususi la kulionyesha? Je, litamfaa katika kazi anayoiendea? Likikwama popote kati ya hapo, liache. Na yapo yasiyoingia kabisa hata yakipita: ugonjwa, ujauzito, mambo ya nyumbani, uanachama wa chama cha wafanyakazi.

Turudi kwa karani wetu. Meneja alitaka kuandika “unapaswa kuboresha mawasiliano”, sentensi ambayo haijawahi kumsaidia mtu. Tukio lenyewe lilikuwa hivi. Mwezi Machi kontena ya vipuri ilikwama kwenye bohari ya makontena ya Embakasi. Wakala wa forodha alimpigia karani Jumatatu. Wauzaji walijua Jumatano, wakati fundi mmoja wa Kirinyaga Road alikuwa tayari amesimama kaunta akidai breki alizolipia. Kwa nini alikaa kimya siku mbili? Si uvivu. Alitumaini mzigo ungetoka kabla hajalazimika kusema. Alikuwa mtu asiyependa kupeleka habari mbaya kabla hajawa na jibu lake.

Ukishafika kwenye sababu, somo linajiandika:

“Mzigo ulipokwama Embakasi mwezi Machi, ulipata habari Jumatatu ukawaeleza wauzaji Jumatano. Tulilizungumza katika tathmini ya Juni, na tangu hapo taarifa zako zimekuwa zikifika siku hiyohiyo. Huko uendako utakuwa na watu wanane chini yako, na baadhi yao watakuwa na tabia hiyo ya kusubiri. Wazoeze kukuletea habari mbaya mapema, hata kabla hawajajua suluhisho.”

Kosa limetajwa bila kufichwa, hatua aliyopiga imetajwa, kisha limegeuzwa kuwa kitu cha kutumia Athi River. Somo moja kama hilo, au mawili yakizidi, ndiyo kipimo. Barua nzima isizidi ukurasa mmoja, na iandikwe na msimamizi aliyemwona akifanya kazi. Ofisi ya rasilimali watu iikague tu, isiitunge kwa niaba yake.

Dhana: Sifa haziwezi kumdhuru mwajiri.

Zinaweza, hasa pale mtu anapoondolewa badala ya kuondoka. Kampuni inamfuta mtu kwa madai kwamba kazi yake ni mbovu, kisha kwa huruma, au ili aondoke kimya, inampa barua inayosema alikuwa nguzo ya idara. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kumwachisha mtu kazi, na kabla ya kumfuta kwa utendakazi duni au utovu wa nidhamu amweleze sababu hiyo na kumsikiliza akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama akipenda. Kesi ikifika katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi pale Milimani, wakili wa mfanyakazi hatahitaji shahidi bora kuliko barua hiyo yenye nembo ya kampuni na sahihi ya meneja. Mahakama ikiona alifutwa isivyo haki, moja ya fidia inayoweza kutolewa ni mshahara wa hadi miezi 12.

Dawa si kumwandikia maneno machungu. Aliyefutwa apewe cheti chake cha utumishi na haki zake zote, barua ya tathmini iachwe. Aliyeachishwa kwa sababu nafasi yake imeondolewa ni jambo jingine. Huyo anaweza kuandikiwa barua nzuri kwa dhamiri safi, mradi isipingane na vigezo vilivyotumika kuamua nani abaki.

Dhana: Hapo chini aweke sahihi kwamba hana dai lolote.

Ukiona mstari huo kwenye barua ya shukrani, ujue mtu ameingiza karatasi nyingine kwa mlango wa nyuma. Makubaliano ya kumaliza madai husimama peke yake, yakiwa na hesabu ya malipo ya mwisho: mshahara, siku za likizo ambazo hazijachukuliwa, na mengineyo. Mahakama huangalia kama mtu alisaini kwa hiari akielewa anachokisaini. Sahihi iliyobanwa chini ya “tunakutakia kila la heri” inazua maswali badala ya kuyafunga. Kwenye barua ya tathmini sahihi ya kupokea inatosha, na hata hiyo si lazima.

Dhana: Mwajiri mpya akipiga simu, msomee barua.

Barua imeandikiwa anayeondoka, kwa hiyo yeye ndiye anayeamua nani aione. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, maelezo ya utendakazi wake ni data yake binafsi. Ana haki ya kuyaona yaliyomo kwenye faili na kudai yasiyo ya kweli yarekebishwe. Ghala la Athi River likipiga simu, thibitisha tarehe na cheo, kisha uliza kama karani ameridhia mengine yazungumzwe. Akiwa ameridhia, anayejibu simu awe na nakala ya barua mezani, ili asije akasema kwa mdomo kitu ambacho barua haikusema.