Kutafuta faida ya hatifungani hadi kuiva: makadirio kwanza, kisha kujaribu

Hatifungani za Serikali ya Tanzania hunadiwa kwa bei ya kila shilingi 100, na riba yake, yaani kuponi, hulipwa kila baada ya miezi sita. Tuchukue iliyobakiza miaka 5, kuponi asilimia 10 kwa mwaka, inayouzwa shilingi 92. Mnunuzi atapata shilingi 5 mara kumi, kisha 100 siku ya kuiva. Faida hadi kuiva ni kile kiwango kimoja ambacho, malipo hayo yote yakirudishwa kwa thamani ya leo, jumla yake ni 92 kamili.

Hakuna njia ya kukikokotoa moja kwa moja, hivyo tunaanza na makadirio:

```
(kuponi ya mwaka + (100 - bei) / miaka) / ((100 + bei) / 2)
(10 + 8/5) / 96 = 0.1208
```

Hiyo ni asilimia 12.08 kwa mwaka, au takriban 6 kwa nusu mwaka. Wengi hukosea hapa kwa kuweka kuponi ya nusu mwaka, 5, huku wakihesabu muda kwa miaka.

Sasa tujaribu asilimia 6. 1.06 ikizidishwa yenyewe hadi mara kumi ni 1.7908. Gawa 100 kwa hiyo, unapata 55.84, thamani ya leo ya malipo ya mwisho. Kuponi zote ni 5 × (100 − 55.84) / 6, yaani 36.80. Jumla ni 92.64, juu ya bei, kwa hiyo kiwango ni kidogo mno. Pandisha hadi 6.25: jumla inashuka hadi 90.91. Jibu limo katikati. Kutoka 92.64 hadi 92 ni 0.64, na pengo lote ni 1.73. Chukua 0.64 / 1.73 ya 0.25, ongeza kwenye 6, unapata 6.09. Mara mbili yake ni asilimia 12.18 kwa mwaka.

Makadirio yamepungua kwa 0.10 tu, lakini usiyaamini hivyo kwenye hatifungani ndefu yenye punguzo kubwa. Ya miaka 25, kuponi ile ile, kwa bei ya 70, kanuni inatoa 13.18, kwa kujaribu ni takriban 14.48. Kosa linatokana na kigawanyo. Kanuni inachukulia kwamba mtaji wako kwa wastani ni 85, wakati thamani ya hatifungani hiyo hukaa karibu na 70 kwa miaka mingi, kisha hupanda kwa kasi inapokaribia kuiva.

Kosa hili hugundulika kirahisi. Gawa kuponi ya mwaka kwa bei: 10 / 70 ni asilimia 14.29. Aliyenunua chini ya 100 na akasubiri hadi mwisho lazima apate zaidi ya hapo, kwa sababu punguzo nalo ni lake. Makadirio yakiwa chini ya kiwango hicho, yaache na uanze kujaribu kutoka 14.29.